Soketi Mbili Mahali Pamoja

Watu wakikuambia pole mara nyingi mno, unaanza kutamani wakutukane. Siku niliyorudi kazini, baada ya kumzika mtoto aliyezaliwa hana pumzi, mlinzi aliniambia pole getini, dada wa mapokezi akaniambia pole, na yule bwana anayeleta maji ya kunywa alitua dumu lake chini kwanza ndipo akasema pole, kana kwamba neno lenyewe lilihitaji mikono miwili. Wote niliwajibu nimeshapoa. Ndilo jibu lenyewe, na ngazi za ofisi yetu ni ndefu.

Sisi tunachora umeme wa majengo. Injinia ndiye mwenye ofisi. Mimi ni mchoraji. Mdogo wangu, tumbo moja, anatayarisha orodha za vifaa, na ofisi nzima inamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata anapokunywa chai. Nilipoondoka kwenda kujifungua, mezani kwangu kulikuwa na mchoro wa wodi ya wazazi. Niliporudi nikakuta Injinia anataka kumpa mtu mwingine, nikamwambia aniachie. "Kuta haziniumi, Injinia," nilisema. Akaniachia.

Uongo haukuwa mkubwa. Kuta kweli haziniumi. Kilichoniuma kilikuwa nyumbani, chumba chenye kitanda kidogo ambacho hakuna aliyekuwa na moyo wa kukifungua nati. Mchoro ule ndio ulionitoa kitandani asubuhi. Mume wangu alijua, mama alijua, na nadhani hata kompyuta ilijua, maana siku hizo haikunizimikia hata mara moja.

Basi Alhamisi baada ya chakula cha mchana Injinia akaniita ofisini kwake. Alikuwa amevua miwani, na Injinia akivua miwani ujue hataki kuuona uso wako vizuri.

"Orodha ya ghorofa ya chini ya wodi ya wazazi inatakiwa kwa msambazaji leo saa kumi," alisema. "Nimefungua mchoro wako nikauambia uhesabu soketi. Zimetoka mia mbili na kumi na mbili. Orodha ya mdogo wako ina mia moja arobaini na nane."

Akaendelea:

"Nimemuuliza. Anasema ameondoa marudio. Soketi zimelaliana, moja juu ya nyingine, mahali palepale. Sitini na nne." Alizifuta miwani ambazo hazikuwa na vumbi. "Moja ningesema mkono umeteleza. Sitini na nne ni mtu ambaye hayupo. Mama, umerudi mapema. Nenda chumba cha kuchapa ramani kwa muda, kazi ya kule haina presha. Mchoro huu nitampa mwingine amalizie ghorofa ya juu."

Aliniita mama kwa heshima tu, kama anavyowaita wanawake wote, lakini siku ile lilinipiga kifuani. Nikakasirika. Ilikuwa hasira safi, ya kwanza kwa muda mrefu, na nusura nimshukuru.

"Nipe mpaka saa kumi," nilisema.

Chiriku alikuwa mezani kwake amenyamaza. Chiriku kunyamaza ni habari mbaya kama bomba la maji kunyamaza. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

"Nionyeshe ulivyofanya."

"Dada, mimi sikutaka ajue. Nilisafisha kimyakimya. Sikujua kama ataenda kuhesabu mwenyewe."

"Nionyeshe."

Niseme hapa kwa asiyeijua kazi yetu. Soketi kwenye kompyuta haichorwi upya kila mara. Unaichora mara moja, unaifunga kuwa kitu kimoja tunachokiita bloku, kisha unaipachika kila inapohitajika. Kila inapokaa inabeba sifa zake: iko chumba gani, iko kwenye sakiti gani, yaani njia gani ya umeme, iko kimo gani kutoka sakafuni. Sifa nyingine unaziacha zionekane, nyingine unazificha, la sivyo karatasi itajaa maandishi kama ukuta wa choo cha stendi. Kimo mimi hukificha. Anayekitaka atakiona kwenye karatasi ya pili, ile ya kuta zilizochorwa kwa mbele.

Kazi ya Chiriku ni kuiambia programu izikusanye bloku zote, achague sifa anazozitaka kwa kuzitia tiki, halafu azimwage kwenye jedwali. Kila bloku mstari wake. Kwenye jedwali ndipo anajumlisha, na orodha ya kununua inatoka hapo. Akiombwa kuwa makini, yuko makini. Aliiambia programu ikusanye kutoka kwenye mchoro wenyewe tu, isiguse ukurasa wa kuchapisha, maana kule kuna soketi ya mfano kwenye ufunguo wa alama, na hiyo hainunuliwi. Hapo sikuwa na la kumfundisha.

Aliniambia kila hatua. Aliweka jina la bloku, chumba, na namba mbili za mahali ilipo. Zikatoka soketi mia mbili na kumi na mbili. Alipopanga mistari kwa mahali, akaona nyingi zimekaa palepale, jina lilelile, chumba kilekile. Akaliambia jedwali liondoe mistari inayofanana, na likaondoa sitini na nne.

"Kimo kiko wapi?" niliuliza.

"Sikukitia tiki. Wa nini? Soketi ni soketi, msambazaji hajali inakaa juu au chini."

"Kichwani mwa kila kitanda, Chiriku, kuna soketi mbili. Moja chini, ya kitanda chenyewe. Moja juu, ya mashine. Bomba moja la nyaya linapanda ukutani na zote mbili zimefungwa kwenye bomba hilo. Ukitazama kutoka juu, kama mchoro unavyotazama, zinakuwa mahali pamoja. Mimi nachora kitu kilipo."

  Wachoraji wengine huisogeza moja pembeni kidogo ili zionekane zote mbili, na Chiriku amezoea michoro yao. Mimi sisogezi. Fundi akija kupima kwenye mchoro wangu apate ukuta kama ulivyo.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza vipi, dada?" Sauti yake ikapasuka, na bwana wa meza ya pili akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. "Juzi nilikukuta umekaa mbele ya kompyuta, hata mausi hujaishika. Nikakuita mara mbili hukusikia. Nikaona soketi zimelaliana nikajua, basi, ni siku ile. Nikasema ngoja nimfutie, asijue, asije akaona aibu. Nimekufichia."

Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia, na kwa uchovu sikufanya lolote. Mtu anaweza kukupenda mpaka akakufuta kabisa. Nilimwambia tu, "Anza upya. Tia tiki kimo."

Alianza upya. Injinia naye akaja, hakuitwa, akasimama nyuma yetu mikono mfukoni. Jedwali likamwagika jipya, na safari hii kando ya kila mahali kulikuwa na kimo. Mia tatu, elfu moja na mia nne. Mia tatu, elfu moja na mia nne. Milimita, kitanda kwa kitanda, chumba kwa chumba, mistari iliyoitwa marudio ikasimama miwili miwili, kila mmoja na kimo chake.

Injinia alivaa miwani. Alisoma mistari mingi kuliko alivyohitaji.

"Tungenunua pungufu," alisema mwishowe. "Mashine zingefika na hakuna pa kuzichomeka."

"Ndiyo," nilisema.

Hapo ningeweza kuinuka nikaenda kunywa chai, mshindi. Lakini kazi hii ukishaizoea huwezi kuiacha namba ikupite. Nilimwambia Chiriku akusanye na vitanda, maana navyo ni bloku. Vikatoka sitini na vitatu.

Vitanda sitini na vitatu. Mistari iliyofutwa sitini na nne, na kila kitanda kilipaswa kupoteza mmoja tu.

Nililiona kosa kabla yao. Chiriku akaliona baada yangu, na nikamwona alivyoliona, kwa sababu mkono wake ulisogea polepole kwenye mausi. Injinia alikuwa bado anasoma vimo. Kidole cha mdogo wangu kilikuwa kinautafuta mstari mmoja wa kufuta kabla bosi hajajumlisha. Kwa mara ya pili siku hiyo hiyo alikuwa ananifichia, na mara hii alikuwa na haki ya kudhani kwamba kipo cha kuficha.

"Usifute kwenye jedwali," nilisema. "Ukifuta hapa, kesho tukikusanya tena litarudi. Kosa linafutwa kwenye mchoro. Injinia, kuna moja ni kosa langu. Tupange kwa mahali na kimo, tutaipata."

Tulipanga. Ilikuwa chumba cha watoto wachanga, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Mistari mitatu mahali pamoja: mia tatu, mia tatu, elfu moja na mia nne. Soketi ya chini ilikuwa imepachikwa mara mbili.

Sikuhitaji kukumbuka, lakini nilikumbuka. Nilifika kitanda kile, nikapachika soketi, kisha nikakaa. Ndiyo siku ambayo Chiriku aliniita mara mbili. Niliporudi kutoka nilikokuwa nimekwenda, sikukumbuka kama nimeshapachika, nikapachika tena.

Nilirudi mezani kwangu, nikafungua mchoro. Nilibonyeza palepale, nikahakikisha nimeshika moja tu, na sifa yake inasema mia tatu. Nikaifuta. Kwa macho hakuna kilichobadilika, kwa sababu pacha wake alikuwa chini yake. Hiyo ndiyo tabu ya vitu vilivyolaliana. Chiriku akakusanya mara ya tatu na kusoma kwa sauti, "Mia mbili na kumi na moja."

"Itume hiyo," Injinia alisema. Alisimama kidogo, akionekana anatafuta neno, na niliomba Mungu lisiwe pole. "Ghorofa ya juu utaimaliza lini?"

"Jumatano."

"Haya." Akaenda zake. Chumba cha kuchapa hakikutajwa tena.

Chiriku alituma orodha, akaja kusimama kando ya kiti changu. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa bado pamefunguka kile chumba, na vile vitanda vidogo vimepangwa mstari, kila kimoja na soketi zake mbili zinazoonekana moja. Alivitazama. Nadhani ndipo alipojua kwa mara ya kwanza ni chumba gani nilichokuwa nakichora siku zote zile.

"Pole, dada," alisema.

Nilifungua kinywa kusema lile jibu. Nilikuwa nimelisema kwa mlinzi, kwa dada wa mapokezi, kwa mama yangu mzazi, kwa mume wangu kitandani. Halikutoka.

"Bado," nilimwambia. "Bado sijapoa, Chiriku."

Hakusema kitu, yeye asiyenyamaza. Alivuta kiti akakaa, akaniangalia nikichora mpaka muda wa kazi ukaisha.