Tairi Mpya za Mzee Wakoli

Mimi nina domo. Uliza mteja yeyote hapa Huruma, Eldoret: ukija kwa Wasike kubadilisha tairi, utabadilishiwa na utagombezwa. Lakini siku baba mkwe, Mzee Wakoli, alipopaki Probox yake mbele ya kibanda changu, domo lote likaisha. Kwetu Wabukusu mkwe habishiwi, hata kama spana ni yako.

Tairi za mbele zilikuwa kipara kabisa. Za nyuma zilikuwa zimebaki na meno kidogo. Alikuja na mpya mbili. Ndani alikaa mke wangu Vivian, mimba ya miezi saba, anapelekwa kwao Kimilili kupumzika.

"Hizi mpya tuweke nyuma, Mzee," nikasema nikiangalia chini. "Za nyuma ndio zije mbele."

"Nyuma? Injini inavuta mbele, usukani uko mbele. Nyuma inabeba nini, viazi?"

Watu wakacheka. Nikajaribu tena, kwa upole ambao sijui niliutoa wapi.

"Mzee, barabara ikiwa na maji, tairi iliyoisha inapanda juu ya maji. Ikiwa ni ya mbele, unasikia usukani umekuwa mwepesi, unatoa mguu kwa mafuta polepole, gari inashika barabara tena. Ikiwa ni ya nyuma, husikii kitu mapema. Nyuma inataka tu kupita mbele, na hata ukizungusha usukani umechelewa."

"Wasike. Unanifundisha gari mbele ya mtoto wangu?"

Wueh! Mteja mwingine ningemtupia funguo zake. Huyu nilimpigia jeki, nikafunga mpya mbele, nikakaza kila nati na roho ikiniuma. Vivian akanipungia mkono, wakaenda.

Saa nane mvua ikashuka, ile ya Eldoret isiyobembelezwa. Nikampigia Vivian.

"Mwambie aende polepole. Kona zote, aki, polepole."

"Uko kwa spika," akasema kwa sauti ya chini.

"Bado ananifundisha huyo?" Ilikuwa sauti ya Mzee. Simu ikakatika.

Nikasimama mlangoni nikitazama maji yakijaa barabarani. Nina jeki tatu, kompresa na mikono miwili, na hakuna hata kimoja kinachofika Turbo, huko njiani walikokuwa. Nikamtukana Mzee kwa nguvu, kwa sababu sasa hanisikii. Halafu nikajitukana mimi.

Nusu saa baadaye simu ikalia. Mzee, anahema.

"Wasike, mwanangu. Za mbele zilishika. Zilishika vizuri kabisa. Nyuma ndiyo ilitoka kwa kona, ikatuzungusha mpaka mtaroni. Nilipigana na usukani, gari haikunisikia."

"Vivian yuko wapi?"

"Watu wanajaribu kumtoa. Mlango umekwama, na haongei." Mvua ilikuwa inapiga bati la gari huko aliko, naisikia. "Niambie nifanye nini, Wasike. Wewe sema tu, leo nitasikia."

Mimi, mwenye domo, nilishika simu kwa mikono yote miwili na sikuwa na la kumwambia.