Tarehe Tano ya Kila Mwezi

Kasyoka alikuwa dobi, na hakuona haya kulitaja jina hilo mbele ya mtu yeyote. Kwa miaka kumi na minne alifua mashuka ya hospitali. Alipoacha kazi akanunua mashine mbili kuukuu, akakodi chumba chenye ua mpana pale Mumbuni, akaanza kufulia nyumba za wageni za mjini Machakos. Mashuka ya kila mteja aliyatia alama ya uzi pembeni, na hayakupata kuchanganyika hata siku moja.

Mteja wake mkubwa alikuwa Mzee Kibe, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba kumi na vinane. Theluthi moja ya mapato ya Kasyoka ilitoka kwake. Kibe alikuwa mtu mcheshi, msema kweli, na hakuwahi kubishia hesabu. Shida yake ilikuwa moja: hakulipa mpaka apigiwe simu. Si simu moja. Ya kwanza angesema, "Nitaangalia." Ya pili angekuwa barabarani. Ya tatu haingeshikwa. Kwa kazi ya mwezi wa tano, Kasyoka alipiga mara tisa.

Hiyo ya tisa aliipigia nyuma ya tangi la maji, ili Kamene, mwanamke aliyemsaidia kazi, asimsikie. Alijisikia akisema kwa sauti nyembamba, "Tafadhali Mzee, hata kama ni nusu." Alipokata simu uso ulikuwa ukimwaka kwa aibu. Alikuwa ameomba. Ameomba pesa za mashuka aliyoyafua, akayapiga pasi na kuyapeleka mpaka mlangoni kwa siku aliyoahidi. Akajiambia kwamba simu ya namna hiyo hataipiga tena, hata kama itamgharimu mteja.

Jioni hiyo alitoa ankara zote za mwaka mmoja, akaona kwamba kazi ya Kibe haikushuka chini ya shilingi elfu thelathini na moja kwa mwezi, wala haikupita thelathini na saba. Akaandika barua, akaichana, akaandika nyingine. Ya kwanza ilikuwa na hasira. Ya pili ilikuwa na unyonge. Ya tatu ndiyo aliyoipeleka saiba, kwenye duka la kompyuta, asubuhi ikapigwa chapa:

"Kwa Mzee Kibe. Tumefanya kazi pamoja miaka mitatu, na hujaacha kunilipa hata mwezi mmoja. Lakini kila malipo huja baada ya simu nyingi, na simu hizo zinatuchosha sote wawili. Ninapendekeza hivi. Utalipa shilingi elfu thelathini na nne kila tarehe tano ya mwezi, kwa kazi ya mwezi uliopita. Uiagize benki yako izitume yenyewe kwenye akaunti yangu, ambayo namba yake iko hapo chini. Tarehe tano ikiangukia wikendi au sikukuu, zitaingia siku ya kazi inayofuata. Ankara utaendelea kuipata kila mwisho wa mwezi. Kila baada ya miezi mitatu tutalinganisha ankara na ulicholipa: ukiwa umezidisha nitakurudishia, ukiwa umepunguza utaongeza. Mpango huu usipokufaa, nitamaliza mashuka ya mwezi huu, niyalete yakiwa safi, na tuachane kwa amani. Sitapiga simu tena kuulizia malipo. Ni mimi, Kasyoka, dobi wako."

Kamene, ambaye kama wengi alimwita Kasyoka kwa jina la mwanawe, aliisoma akashika kiuno. "Mama Nzau, huyu akikasirika tutakula nini?"

"Tutatafuta mashuka mengine," Kasyoka akajibu. Na barua ikaenda.

Siku mbili baadaye Kibe akatokea uani mwenyewe, karatasi mkononi.

"Mama Nzau, hii ni barua ya wakili?"

"Ni ya dobi, Mzee. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Umeandika kama mimi ni mtu halipi."

"Nimeandika kwamba hujaacha kulipa hata mwezi mmoja. Soma tena, iko hapo juu. Lakini na mimi sijawahi kulipwa kabla ya kupiga simu."

Kibe akacheka kidogo, kama mtu aliyeshikwa. "Mimi niko na watu wengi wa kulipa. Wa maji, wa nyama, wa stima. Yule anapiga simu sana ndiye namlipa kwanza. Ndio nilivyozoea."

"Basi miaka hii yote umekuwa ukilipa kelele zangu," Kasyoka akasema. "Mimi nataka ulipe kazi yangu."

Kibe akageuka kuangalia kamba zilizojaa mashuka meupe, yamenyooka juani. Akashika pembe ya shuka lenye uzi wa buluu.

"Hizi ni zetu?"

"Uzi wa buluu ni wenu. Hiyo unayoshika ni ile wale mafundi wa barabara waliipaka grisi. Ulisema nitupe."

Akaligeuza upande huu na ule, akalisogeza karibu na macho. Hakuona doa. Akavuta kiti, akakaa.

"Sasa niambie. Siku hiyo pesa zikikosekana kwa akaunti?"

"Benki haitatuma, na huenda wakakukata faini. Ndio maana nilichagua tarehe tano. Ulinieleza mwenyewe ile kampuni ya barabara inakulipia vyumba tarehe mbili au tatu. Zitakuwa zimeingia."

"Na nikitaka kusimamisha? Wewe utakuwa unachota kwa akaunti yangu?"

"Hapana, Mzee. Agizo ni lako. Unajaza fomu kwa benki yako, unaweka kiasi, tarehe na namba yangu, unatia sahihi. Wewe ndiye unaweza kubadilisha au kusimamisha. Mimi siwezi kugusa hata shilingi."

Kibe akaikunja karatasi mara mbili, taratibu, akaitia mfukoni mwa koti. "Hakuna mtu amewahi kuniandikia hivi," akasema. "Huwa wananitukana tu." Akaaga, akaondoka bila kuahidi lolote.

Kabla ya wiki kwisha akalipa deni la mwezi wa tano, akamtumia Kasyoka picha ya fomu iliyogongwa muhuri wa benki. Malipo ya kwanza, ya kazi ya mwezi wa sita, yangekuwa tarehe tano mwezi wa saba.

Tarehe tano ilikuwa Jumapili. Kasyoka alilijua hilo, lakini alipotoka kanisani alitazama simu mara nne. Jumatatu akaamka mapema kuliko kawaida. Saa mbili, hakuna kitu. Saa tatu, hakuna. Kamene akawa anamtupia jicho.

"Si umpigie tu mara moja, Mama Nzau? Umkumbushe."

Kidole cha Kasyoka kilikuwa tayari kiko juu ya jina la Kibe. Akaiweka simu kifudifudi juu ya meza ya pasi. "Nilimwandikia sitapiga. Sipigi."

Akachukua shuka, akalitandaza, akaanza kulipiga pasi. Alikuwa amefika la saba simu ilipotikisika. Alimaliza ukingo wote kwanza, akaiegesha pasi, ndipo akasoma: shilingi elfu thelathini na nne zimeingia.

"Ni yeye?" Kamene akauliza.

"Ni yeye. Na hakuna aliyemwomba."

Alisimama wima, mikono kiunoni, akiuangalia ua wake kana kwamba ameununua asubuhi hiyo. Kisha akamtumia Kamene mshahara wake wote, kabla ya saa sita, jambo ambalo halikuwa limetokea mwaka mzima. Akaketi na kalamu. Alikuwa na wateja wengine wawili wa simu nyingi, mmoja mjini na mmoja njia ya kwenda Kitui, na safari hii hakuhitaji kuchana karatasi hata moja.