Baada ya Salamu, Koki

Jamani, koki ikitaka kukuaibisha haikupi taarifa. Ile ya uani kwa Shani, pale Mwisenge, ilivumilia miaka na miaka, halafu ikachagua wiki ya harusi ya watu. Jumatatu asubuhi Shani aliifungua ajaze ndoo, nayo ikapasuka shingoni, maji yakampiga usoni na kulowesha mataulo yote ya saluni yaliyokuwa kwenye kamba. Alikimbia mpaka kwenye mita karibu na geti, akafunga valvu, akarudi amelowa chapachapa. Toka hapo nyumba nzima ikawa kavu.

Nyumba yenyewe si kubwa. Chumba cha mbele ndicho saluni, cha nyuma ndimo anamolala. Saluni ilikuwa changa bado, na Ijumaa ya wiki hiyohiyo alikuwa anaitegemea kuliko siku zote tangu aifungue. Bibi harusi kutoka Bunda, Hasna, alikuwa anakuja kutengenezwa nywele pamoja na wenzake. Anayewaleta ni shangazi yake, Bi Ikhlas, mwanamke anayejulikana na kila mwenye duka la vitambaa kuanzia Bunda mpaka Iringo, hapa mjini kwetu. Bi Ikhlas akikusifu, umepata wateja. Akikuponda, funga mlango urudi kusuka watu barazani kwa dada yako, kule kule Bunda alikotoka Shani.

Akamwita Kasmiri, fundi bomba wa mtaani. Kasmiri akaishika koki kwa spana, akazungusha kidogo, akaacha.

"Dada Shani, hii siigusi. Bomba la ndani ya ukuta limeoza kwa kutu, naona linazunguka pamoja na koki. Nikilazimisha litakatikia humo humo. Hapa ni kupasua plasta, kutoa kipande kibovu, kuweka kipya. Mwenye nyumba amesemaje?"

Hapo ndipo penye kazi. Mwenye nyumba ni Mzee Keraryo, anayeishi Buswahili, wilaya ya Butiama. Mkataba wake umeandikwa kwa herufi kubwa: ukuta usiguswe bila ruhusa yake. Kumpigia simu ni kupoteza muda, maana masikio yamechoka. Utapiga kelele mpaka majirani watoke, yeye atajibu "eeh, eeh," kisha akate. Kwa hiyo mambo ya nyumba huandikwa kwa barua pepe, na huandikwa mara mbili. Kiswahili cha mzee, Kiingereza cha mkwewe, Mzungu aliyemuoa Rhobi, binti wa mzee, wakaishi huko ng'ambo. Nyumba waliijenga wao, lakini kwenye kiwanja cha baba, na baba ndiye aliyesimamia kila tofali.

Shani akaketi kwenye kiti cha wateja, akaandika.

*Shikamoo Mzee. Natumaini u mzima wa afya, wewe na wote hapo nyumbani. Na sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mvua za huko zinasemaje, mihogo imeshika? Ule mguu uliokuwa unakusumbua ulipokuja kututembelea, unaendeleaje? Na ng'ombe? Tusalimie majirani wote. Baada ya salamu, Mzee, koki ya uani imepasuka na maji tumeyafunga. Fundi anasema ukuta utapasuliwa kidogo. Tunaomba ruhusa yako itengenezwe kabla ya Ijumaa. Ni mimi mpangaji wako, Shani.*

Chini yake akaweka: *Dear Sir, the tap in the yard is broken and the water is closed. Please allow us to repair it before Friday. Shani.*

Kiingereza hakikumpa nafasi ya kuuliza mguu.

Mkwe alijibu kabla hata mataulo hayajakauka: yeye na Rhobi hawana kipingamizi, ila ukuta ni wa baba, baba ndiye aseme. Haya. Mzee naye akajibu kesho yake, na Shani aliifungua simu kwa pupa mpaka ikamponyoka.

*Marahaba mwanangu Shani. Tunashukuru Mungu. Mguu unapoa. Mvua tumeziona, mihogo imeshika vizuri. Ubarikiwe sana. Mzee Keraryo.*

Basi. Akashusha chini, hakuna kitu. Akapandisha juu, hakuna kitu.

"Koki je?" aliuuliza ukuta.

Siku hiyohiyo Wankyo, muuza dagaa wa jirani, alikuja kuweka dawa ya nywele. Shani akamsuuza kwa maji ya dumu, dumu likaisha dawa ikiwa bado kichwani. Ee, Mungu wangu! Wankyo aliruka kwenye kiti akipiga kelele kwamba anaungua, Shani akatoka mbio mpaka kwa jirani kuomba ndoo. Ngozi haikutoka, ila ilibaki nyekundu, na Shani akaapa kwamba kichwa cha bibi harusi hatakitia dawa bila maji ya bomba.

Akaandika tena. Angeweza kuanza na koki, lakini utaanzaje na koki kwa mtu mzima? Akatanguliza shikamoo, akafurahia mguu unaopoa na mihogo iliyoshika, akarudia kuuliza ng'ombe maana hawakujibiwa. Koki akaiweka mwisho, na Kiingereza chini yake.

Jumatano jibu likaja. *Marahaba mwanangu. Ng'ombe wazima. Yule mwekundu amezaa dume.*

"Dume!" Shani alimwonyesha Kasmiri simu. "Mimi namwambia sina maji, yeye ananiambia dume!"

"Hongera," Kasmiri akasema, akacheka.

"Usinicheke, nitakurushia hili chanuo. Huyu mzee ananizungusha. Kusikia hasikii, sasa na kusoma anajifanya hasomi!"

"Mimi nipo. Nipe neno lake tu, nyundo ninayo."

Shani hakukaa tena. Alifagia palipofagiwa. Alienda kwenye mita akagusa valvu, akarudi. Alifikiria kufunga saluni aende Buswahili mwenyewe, akakumbuka ameahidi kusuka watu wawili. Alasiri Bi Ikhlas akapiga simu kutoka Bunda.

"Mwanangu, Ijumaa tunakuja. Maji yapo? Maana saluni za siku hizi, mtu anakusuuza kwa kikombe."

"Yapo, shangazi," Shani akajibu. "Yanabubujika."

Alipokata simu alijishika kichwa. Uongo umeshatoka, utaurudishaje?

Alhamisi hasira zikamfika kooni. Hakuuliza mvua wala ng'ombe. Aliandika: *Mzee, koki imepasuka tangu Jumatatu. Tunaomba itengenezwe.* Kiingereza kikawa urefu uleule. Kwa mara ya kwanza lugha zote mbili zilifanana. Akatuma. Halafu aibu ikamwingia, akatamani aivute ile barua irudi, lakini wapi.

Ijumaa asubuhi alikuwa ameshika simu ampigie Bi Ikhlas aseme ukweli, ndipo bodaboda ikasimama getini. Akashuka Mzee Keraryo, koti zito mwilini, fimbo mkononi, na nyuma ya pikipiki jogoo amefungwa miguu juu ya kiroba cha mihogo. Hakuangalia ukuta wala koki. Alimtazama Shani kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Shikamoo Mzee!"

"Uko mzima?" Alisema kwa kelele, kama mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mzee! Ni koki!" Shani akapaza sauti.

"Koki nimeisoma. Lakini mtu anayenisalimiaga mpaka ng'ombe, leo aniandikie bila shikamoo? Nikasema huyu mtoto amefiwa, au anaumwa, koki anaitajataja tu. Sikulala mimi."

Shani akampokea kile kiroba cha mihogo. "Nisamehe, Mzee. Nilikasirika. Nimekuandikia habari ya koki tangu Jumatatu!"

Mzee akatoa simu kwenye koti, akaisogeza mbali na macho. "Ya Jumatatu nilifikaga hapa kwenye mguu, nikaacha. Mimi sisomagi barua yote siku moja, itaisha. Nasoma kipande, kingine nabakiza cha kesho. Kesho nikafungua, nakuta umeniletea mpya. Nikaanza hiyo." Akaifuta simu kwa kiganja. "Rhobi hanaga nafasi, anafanya kazi sana. Ananiandikia mstari mmoja: Baba, dawa umekunywa? Ule siwezi kubakiza."

Siku zote zile Shani alikuwa akimtukana kimoyomoyo, na kila alipomkumbusha alikuwa anamrudisha mwanzo.

"Haya, fundi wako yuko wapi?"

Kasmiri alikuwa ameshafika, hakuitwa mara mbili. Akauliza kama apasue kweli.

"Pasua! Mimi ukuta niliujengea watu."

Nyundo na tindo zikaanza. Plasta ikadondoka, bomba likaonekana, limeoza vipande. Kasmiri alikuwa ndiyo kwanza anatoa kile kipande kibovu, na vumbi limetanda mpaka kwenye vioo, gari likasimama nje. Bi Ikhlas akaingia na Hasna na wasichana wengine, akasimama katikati ya saluni, akatazama madumu matupu, akatazama vumbi, akasikia nyundo.

"Ndiyo maji yanavyobubujika haya?"

"Shangazi, nilikudanganya," Shani akasema. "Koki ilipasuka. Inatengenezwa sasa hivi."

"Hasna, chukua mkoba wako. Iringo zipo saluni."

Wasichana walikuwa wameshageuka mlangoni, ila mlangoni alisimama Mzee Keraryo na fimbo yake, amekuja kuona wageni.

"Shikamoo baba," Bi Ikhlas akasema, maana mtu mzima hapitwi.

"Marahaba mwanangu! Mnatoka wapi?"

"Bunda, baba. Tulikuwa tunaondoka."

"Bunda! Bunda ya wapi? Mvua mmepata?" Sikio halikushika ile ya kuondoka. "Wazee hawajambo? Baba yako ni nani? Yupo? Ee, Mungu amrehemu. Mama je? Na huyu ndiye anaolewa? Mume anatoka wapi? Wana ng'ombe?"

Bi Ikhlas akajibu amesimama. Akajibu tena. Huwezi kumkata mzee katikati ya salamu ukatoka, hata uwe unajulikana Bunda nzima. Alipofika kwenye marehemu baba yake akaweka mkoba chini, alipofika kwenye mama akaketi. Wasichana nao wakaketi. Shani alikuwa amesimama katikati ya chumba na uani, sikio moja kwenye salamu, jingine kwa Kasmiri, akimwomba Mungu Mzee asichoke.

Hakuchoka. Alikuwa anauliza habari za mjomba wa bwana harusi wakati Kasmiri anazungushia tepu nyeupe kwenye nyuzi za bomba jipya, akaikaza koki mpya, akapita mbio kwenda kwenye mita. Koki ikakohoa, ikatema maji mekundu, kisha meupe, yakagonga sakafu ya ua kwa kishindo.

"Hasna, mwanangu, njoo," Shani akasema, akatandika taulo kwenye kiti.

Bi Ikhlas akautundika mkoba wake nyuma ya kiti. "Uongo wako tutauongea siku nyingine. Anza kazi."

Wote walisuuzwa kwa maji ya bomba, hakuna aliyelia. Mzee alikunywa chai yake barazani mpaka bodaboda ikarudi kumchukua.

Jioni Shani alichukua simu. Safari hii Kiingereza ndicho kilikuwa kirefu, alihangaika nacho na kamusi, na alimwandikia Rhobi kupitia kwa mumewe, ili wote wawili wasome: koki imepona, baba yako barua anazila kidogo kidogo zisimwishie, dada yangu, mwandikie ndefu.

Kisha akaanza Kiswahili. *Shikamoo Mzee. Umefika salama? Mguu haukukusumbua njiani? Yule ndama dume mmempa jina gani?* Akaandika mpaka chini kabisa, na baada ya salamu hakuweka shida yoyote.