Nembo ya Daftari Kitini

Mdogo wangu alibadilisha nembo niliyoichorea programu yake ya simu, bila kuniambia. Mpya niliiona ukutani, mbele ya viongozi wa wanafunzi, wakati projekta ilipowaka.

Programu yenyewe ni yake: humwonyesha mwanafunzi kiti kilicho wazi maktabani, na wenzake wanaosoma somo lilelile. Kabla ya kuchora chochote nilishinda maktabani nikiangalia. Wanafunzi wakitoka kidogo huacha daftari limefunikwa juu ya kiti, na hakuna anayeligusa wala kukikalia kiti. Ndicho nilichochora: kiti na daftari, kwa bluu ya wino wa kalamu na ile njano wanayokolezea mistari muhimu.

Sasa ukutani kulikuwa na duara la zambarau linaloyeyukia kwenye waridi, katikati herufi moja nyeupe, nono.

Nilimvuta pembeni. "Umefanya nini?"

"Dada, hivi ndivyo wanavyofanya wakubwa duniani. Ile yako ilikuwa ya kishamba."

Nilipandisha sauti. "Anayeiga tembo kunya hupasuka msamba! Wale wakubwa wanajulikana tayari. Wewe nani anakujua?"

"Punguza sauti, bwana."

Sikupunguza. Wiki nzima nimekaa kwenye viti vigumu ili watoto wa watu wajione katika kitu chao, halafu yeye anakwenda kuokota sura ya wageni!

Mwenyekiti wa wanafunzi, msichana mwenye sauti kavu, alikuwa ameshaipakua kwa majaribio. Akaiunganisha simu yake na projekta, akamkabidhi mdogo wangu. "Tuonyeshe inavyofanya kazi. Tukiridhika, tutaitangaza kwa vyuo vyote."

Simu ilikuwa imejaa alama za programu. Mdogo wangu alibonyeza duara la zambarau, na ukutani ukatokea uso wa kijana aliyevua shati, anayetafuta mchumba. Ukumbi ukaangua kicheko. Akabonyeza duara jingine la zambarau: muziki ukalipuka.

"Kama mwenyewe huioni," mwenyekiti alisema, "sisi tutaionaje?"

Mdogo wangu akanigeukia. "Dada, unayo ile ya kwanza?"

Nilitamani nimwache aumbuke. Lakini kiti kile nilikichora kwa ajili yao, si kwa ajili yake, basi nikaunganisha kompyuta yangu. Kiti na daftari vikatokea ukutani. Kisha kijana wa nyuma akapiga kelele, "Hee! Hicho kiti kina mwenyewe!" Wakacheka tena, safari hii kwa furaha, na mwenyekiti akaomba itumike hiyo.

Mdogo wangu akashika kipaza sauti, kifua mbele. "Ndiyo maana tuliichora hivi. Tuliwachunguza ninyi kwanza."

Nilisimama. "Ulimchunguza nani? Uliketi kiti gani?"

Alinitazama, kisha akawatazama viongozi.

"Dada yangu ndiye aliyeichora," alisema. "Mimi niliifuta jana, bila hata kuwauliza ninyi."