Chupa Yenye Jani la Isale

Nilimtuma Gidioni, dereva wa lori la kahawa, awatangazie watu wa Mwika: anayetaka pilipili yangu alete chupa tupu na arubuni ya senti hamsini, nusu ya bei. Napika Jumatatu, Alhamisi watazipokea sokoni na kumalizia nusu iliyobaki. Chupa ya Aikande nisiione, maana mwaka jana aliagiza kumi asizifuate.

Nilitarajia chupa thelathini. Jumapili Gidioni akashusha mia na tisa. Kila moja ilifungwa kipande cha kanga ya mwenyewe kiwe jina lake, na arubuni ndani ya fundo. Nilizipanga uani moja moja. Watu nisiowajua wameniamini kwa pilipili ambayo haijapikwa.

Moja haikuwa na fundo, ila jani refu la kijani shingoni.

“Isale hilo, Bi Mwantum,” Gidioni akasema taratibu. “La Aikande. Kwetu ukiletewa isale umeombwa msamaha, na hata aliyeuliwa mwanawe hakatai.”

Jumatatu, kabla sijawasha moto, nilichana upindo wa kanga yangu, nikafundika humo senti hamsini, nikaufunga kwenye chupa ya Aikande.