Kumi na Moja Yaliyorukwa

Saa saba kasoro dakika kumi mchana meneja alisimama mlangoni, funguo za gari zikining'inia kidoleni, akasema toleo jipya linaondoka leo saa kumi na moja, si Jumatatu tena.

"Jumatatu tulipewa na wewe mwenyewe," nikasema.

"Wateja wamesogeza mkutano, sasa ni kesho. Tuna nusu siku. Jipange."

Jipange! Wakubwa hulitumia neno hilo wakishajipanga wao.

Kazi yangu ni kupima programu kabla haijawafikia watu. Hii yetu inatumika zahanatini: muuguzi anaingiza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto kwenye tableti, programu inakokotoa umri na kumwambia ampe dawa kiasi gani. Kila tukibadilisha kitu, inabidi turudie kupima na vile vya zamani vilivyokuwa vizima, maana fundi akiziba huku, paa huvuja kule. Majaribio hayo ya marudio, yale ya mkono, ni mia nne na kumi na mawili. Dakika tatu kila moja, bila kunyanyua kichwa, ni siku mbili na nusu. Mimi nilikuwa na saa nne.

Kazi hii sikuisomea. Nilianza kwa kupokea simu za wateja wenye hasira, kila lalamiko nikiliandika kwenye daftari, na daftari ndilo lililonifundisha. Ofisini wananiita Mama Daftari. Wanadhani wananitania.

"Yale yanayoendeshwa na mashine yenyewe yamepita," meneja akasema, akielekeza funguo kwenye kioo changu. "Ona, kijani tupu. Wewe pima vitakavyoonyeshwa mkutanoni: kuingia, ukurasa wa mbele, ripoti zenye michoro. Ripoti usiziache, mkurugenzi wao anazipenda."

"Si kijani tupu, bosi. Kumi na moja yamerukwa."

"Hayo ya kelele, yanayolia bila sababu? Yalizimwa zamani."

Nikamgeukia mwandishi wa programu, tunayemwita Profesa, aliyekuwa amejificha ndani ya vipokea sauti vyake. "Kaka, uliyazima wewe?"

Akavua upande mmoja. "Lile la umri lilikuwa linafeli kila tarehe mosi. Mwezi ukigeuka, mtoto wa mfano anaongezeka umri, jaribio linalia. Nikalizima. Nilisema nitalirudisha."

"Ulisema lini?"

"Aa, Mama Daftari, na wewe!"

Nikafunua kurasa. "Miaka miwili na miezi minne."

Meneja akacheka, Profesa hakucheka. Nikavuta kiti karibu naye nikamwuliza amegusa nini safari hii. Rangi za kurasa zote, akasema, na kipande kinachosoma tarehe. Cha zamani kilikuwa kizito, ameweka kipya. Na nani anakitegemea kipande hicho? Akaanza kuhesabu kwa vidole. Umri. Kipimo cha dawa. Ratiba ya chanjo. Kidole cha nne kikabaki hewani.

"Ripoti?"

"Hapana. Ripoti zina njia yake. Kwangu zimeguswa na rangi tu."

Hapo nikajua nusu siku yangu inakwenda wapi. Rangi ikiharibika, mtu anaona aibu. Kipimo kikiharibika, hakuna anayeona kitu, mtoto anarudi nyumbani na homa yake. Nikachagua hamsini na manane: yote yanayopita kwenye tarehe, kisha kuingia na kuhifadhi, kwa sababu bila hivyo zahanati haifungui kazi, kisha machache ambayo daftari lilisema yamewahi kutuangusha zaidi ya mara moja. Ripoti nikaziacha nje. Nikaziandika kwenye karatasi ya pili, yenye kichwa: *Hayatapimwa*. Chini nikachora mistari miwili ya sahihi. Mmoja nikaujaza.

"Hii ya nini?" meneja akauliza.

"Ya kwako."

"Unanitega."

"Nakugawia uamuzi, bosi. Ukiona ripoti ni muhimu kuliko dozi, andika hapo, nianze nazo sasa hivi."

Hakuandika. Hakutia sahihi pia. Akaenda kupiga simu.

Si kiburi. Kabla yangu kiti hiki kilikuwa na mtu. Aliambiwa, kwa mdomo, aruke sehemu fulani kwa sababu muda umebana. Ilipoharibika aliulizwa, kwa maandishi, kwa nini hakuipima. Nilimsaidia kubeba boksi lake hadi getini. Waliomwambia aruke bado wanakula chakula cha mchana hapa, na mimi nawasalimia, ila sijasahau.

Nikaanza na lile lililozimwa, kwa mkono. Mtoto mwenye tarehe kamili: sawa. Aliyezaliwa tarehe ishirini na tisa Februari: sawa. Kisha nikasita. Nikampigia dada yangu, muuguzi anayeitumia programu hii kila siku.

"Dada, mama asipojua tarehe ya kuzaliwa unafanyaje?"

"Naandika mwaka, nasonga mbele. Nusu yao ndivyo walivyo. Kwani ninyi mnadhani watu wanazaliwa na kalenda mkononi? Haya, nina foleni hapa."

Nikaingiza mwaka peke yake, wa miaka minne iliyopita. Tableti ikafikiri kidogo, ikaandika: *Umri: siku 0.* Chini yake, kipimo cha kichanga.

"Profesa."

Akaja, akatazama, akakaa sakafuni pale pale kando ya kiti changu. "Mwezi haupo, siku haipo," akasema polepole. "Kipya kinaiona tarehe nzima kama haipo. Kinaweka ya leo."

"Cha zamani?"

"Kilikuwa kinahesabu kuanzia katikati ya mwaka. Na lile jaribio..." Lile jaribio alilolizima lilikuwa linapima hilo hilo: mwaka peke yake.

Ilikuwa saa tisa na robo. Alitaka kukirekebisha kipya. Nikamkatalia: marekebisho ya haraka huleta kosa jingine. Rudisha cha zamani, kizito kina heshima yake. Akakirudisha. Lakini kurudisha nako ni kubadilisha, kwa hiyo kila nilichokwisha kukipima kwenye tarehe kikawa hakina maana, nikaanza tena, na orodha ya *Hayatapimwa* ikarefuka kwa majaribio kumi na tisa.

Meneja alirudi saa kumi na nusu. Profesa akamweleza, mimi nikaendelea kupima. Akasoma karatasi yote, mstari kwa mstari, akaomba kalamu.

Toleo liliondoka saa kumi na moja na dakika tano.

Jumatatu asubuhi alikuja moja kwa moja mezani kwangu. Mkutanoni Jumamosi, mkurugenzi wa wale wateja alifungua ripoti yake mbele ya watu ishirini, na michoro ilikuwa mistari myeupe juu ya ukurasa mweupe.

"Ripoti!" akasema. "Nilikwambia ripoti!"

Nikamsogezea karatasi. Aliitazama sahihi yake muda mrefu, kama mtu aliyekutana na jamaa asiyetaka kumsalimia.

"Tulichagua," akasema mwishowe.

"Tulichagua. Na hili ni langu pia, bosi. Nilijua rangi zimeguswa."

Nikaliandika daftarini pamoja na tarehe: *ripoti, rangi, tuliziacha tukijua.* Hasira niliyokuwa nimemwekea tangu Ijumaa ikakosa pa kukaa. Alipoondoka, Profesa akavuta kiti chake hadi kwangu, vipokea sauti vikiwa shingoni.

"Lile la umri nimeliwasha tena. Yamebaki kumi," akasema. "Tuanze na lipi?"