Mgonjwa Anayejulikana

Wadi nzima ya wanawake ilimwita Mwenyekiti. Alikuwa amelala pale muda mrefu kuliko wenzake wote, akingoja kupasuliwa uvimbe wa kizazi, na kazi ya kuamua ugomvi wa mashuka na feni ilimwangukia yeye bila kura. Mdogo wake aliyekuja kumuuguza waliishia kumwita Mdogo, kana kwamba mama yao alichoka kutafuta majina.

Uvimbe ule ulimwaga damu mwezi hata mwezi, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba hashiki kisu mpaka damu ipande. Basi Mwenyekiti akawa anaongezewa. Mfuko wa kwanza ulipokaribia kwisha alitetemeka hadi meno yakagongana, joto likapanda. Muuguzi akaufunga mpira papo hapo, akaupeleka mfuko maabara pamoja na damu mpya iliyotolewa mkononi kwa mgonjwa. Mtu wa maabara, mwembamba mwenye sauti ya upole, alipanda mwenyewe kuleta majibu. Alisema hakuna chembe iliyopasuka. Ni chembe nyeupe za mchangiaji zilizobaki mfukoni, mwili umezikasirikia. Panadol ikatosha.

Mfuko wa pili haukuleta homa, ulileta vipele, vikamvimba mwili mzima kama mtu aliyepita kwenye upupu. Wakausimamisha tena. Wakamsikiliza kifua, wakamtazama midomo, na walipoona pumzi ni safi wakamchoma sindano ya mzio. Vipele vilipotulia mfuko ukaendelea, taratibu.

"Damu za watu zina tabia zao," Mwenyekiti aliwaambia wenzake. "Ile ya kwanza ilikuwa ya mtu wa hasira. Hii ni ya mmbea, haiachi kuniwasha."

Wadi ikacheka, na mtu wa maabara, aliyekuwa amekuja kuukagua na mfuko huo, akacheka pia. Kisha akasema hizo mbili ni usumbufu tu, lakini iko ya tatu ambayo yeye anaiogopa. Alimweleza Mwenyekiti kwamba yeye mgonjwa ni kundi O, na ndani ya mwili wake wamo askari wanaoichukia damu ya A na ya B hata kama hawajapata kukutana nayo. Ikiingia, wanaipasua humo humo mishipani, na mabaki yake yanakwenda kuua figo. Ndiyo sababu kila mfuko kabla haujatoka yeye huchanganya chembe zake na maji ya damu ya mgonjwa, akatazama kama zitagandana. Zikipatana ndipo huubandika jina.

"Nikishaukabidhi, mkono wangu umefika mwisho," alisema. "Hapa kitandani ndipo mtu asome tena, wewe na mfuko, kwa pamoja."

Na siku za mwanzo walisoma. Wauguzi wawili walikuja kitandani, mmoja akamwomba mgonjwa ataje jina lake kwa mdomo wake, mwenzake akalilinganisha na lile la mfukoni na lile la utepe wa mkononi. Siku moja muuguzi mgeni, aliyehamishiwa wadi ile juzijuzi, aliuliza hivyo kabla ya kumchoma sindano, na Mwenyekiti akamtolea macho.

"Jina langu? Mwanangu, mimi ndiye niliyekupokea hapa. Uliza la kwako, nitakwambia."

Vitanda vyote viliangua kicheko. Muuguzi mkubwa wa zamu, ambaye wagonjwa walimwita Sista Kicheko kwa kuwa hakuna siku aliyoingia amenuna, akamshika mgeni bega. Alisema huyu wasimsumbue, yeye anamjua hata akizimiwa taa. Mgeni akaona haya. Tangu hapo hakuna aliyemwuliza tena Mwenyekiti jina. Mkono ulipovimba wakaukata utepe, na hakuna aliyefunga mwingine. Wa nini?

Mfuko wa tatu ulikuwa wa mwisho. Upasuaji ulikuwa umepangwa Ijumaa, na Mdogo alikwisha anza kufungasha kanga zisizohitajika ili azitangulize nyumbani. Sista Kicheko aliingia na trei yenye mifuko miwili, mmoja wa Mwenyekiti, mwingine wa mama wa kitanda cha mlangoni aliyeharibikiwa mimba. Muuguzi wa pili alikuwa mezani. Aliitwa kwingine, akaweka hapo hapo mezani sahihi yake kwamba majina yamesomwa kitandani, akaenda. Sista Kicheko alikuwa anasimulia jinsi wifi yake alivyokuja kwa wiki moja akakaa mwaka. Alisimulia huku anatundika.

"Leo ndio mwisho wa kunyonya watu damu, Mwenyekiti wangu," akasema, akafungulia matone, akaenda mlangoni. Huko akakuta sindano ya yule mama imeziba. Akaiacha trei, akatoka kutafuta nyingine.

Hadithi ya wifi bado ilikuwa inawachekesha watu pale Mwenyekiti aliposema mkono unamwaka moto, kuanzia kwenye sindano kwenda juu. Kisha akatetemeka. Mdogo akasimama. Dada yake akamshika kanga.

"Kaa. Ni zile zile zangu. Ukiita watu wataufunga, Ijumaa itapita."

Mdogo hakukaa. Alimfuata Sista Kicheko kwenye korido, akamweleza. Sista, mikono kwenye droo ya sindano, alimjibu kwa upole kabisa kwamba kila mfuko Mwenyekiti ana lake, ampe panadol, anakuja. Mdogo akarudi, akampa. Mfuko ukaendelea kudondoka. Muda si muda Mwenyekiti akasema kiuno kinapasuka. Hakuwa tena na utani usoni.

"Mdogo wangu," akasema, "hii si ile. Hii inaniua."

Alipoomba beseni, mkojo ulitoka mwekundu uliokolea, karibu na mweusi. Mdogo akapiga ukelele. Sista Kicheko, aliyekuwa anarudi na sindano, alikuwa amekwisha uinua mfuko uliobaki kwenye trei ili autundike mlangoni. Akasoma jina. Akasoma tena. Akageuka kumtazama Mwenyekiti, na wadi nzima ikaona uso wake ukisawijika.

Sasa kila kitu kilifanyika sawasawa. Mpira ukafungwa na kuondolewa wote, dripu ya maji ya chumvi ikaingia, daktari akaja mbio. Mtu wa maabara akachukua damu mpya, akaizungusha kwenye mashine. Maji yake, yanayopaswa kuwa ya njano, yalikuwa mekundu. Mfuko ulikuwa wa kundi A, umepimwa vizuri, unapatana kabisa na mama wa mlangoni. Zaidi ya nusu ulikuwa umekwisha ingia. Figo zikagoma. Kila tundu la sindano likavuja damu isiyotaka kuganda. Ijumaa ikapita, na Jumapili Mwenyekiti akakata roho.

Hospitali ilisema damu haikupatana naye. Shemeji, mume wa marehemu, alisema siku zake zilikuwa zimefika, na wazee wakaitikia. Mdogo alijaribu kusema kwamba siku hazikufika, zililetwa kwenye trei. Akaambiwa msiba si mahali pa maneno.

Sista Kicheko alikuja msibani. Aliketi mkekani kati ya wanawake, amejifunika, analia kuliko baadhi ya ndugu. Mdogo ndiye aliyekuwa anapitisha chai. Alipomfikia akasita, kisha akampa kikombe kama wengine.

"Nilimpenda dada yako," Sista akasema chini chini. "Mungu anajua. Nilimjua kama ndugu yangu."

"Yule mama wa mlangoni hukumjua," Mdogo akasema. "Yeye ungemwuliza jina."

Sista akakitua kikombe upande, chai ikamwagikia mkekani. Mdogo akapiga magoti, akaipangusa kwa upindo wa kanga yake, akaendelea na aliyefuata.